Miezi 150: Hesabu ya Mkupuo kwa Anayetaka Kustaafu Mapema



Nimefundisha hisabati miaka mingi na sasa ni mstaafu. Tangu nistaafu, watu hawaniletei tena mitihani ya kusahihisha. Wananiletea karatasi za mafao. Ya karibuni ililetwa na shemeji yangu, muuguzi. Alikuja jioni moja, akakataa chai, akaitandaza karatasi yake juu ya mkeka, akaiwekea simu pembeni isipeperuke. Alikuwa ametimiza miaka 55 na anataka kutoka kwa hiari. Kidole chake kilikuwa juu ya namba moja.

"Shemeji, hii kumi na mbili nukta tano ni ya nini?"

Nikamwuliza kwa nini hakuanza na asilimia 40, maana hiyo ndiyo inayozungumzwa kila mahali. Akajibu, "Hiyo naijua. Hii ndiyo hakuna aliyenieleza."

Mhadhara wa leo nimeujenga juu ya swali lake, kwa sababu aliuliza swali ambalo nchi nzima ililiruka.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kanuni inayotumika ina hatua tatu. Kwanza unachukua miezi uliyochangia, unaizidisha kwa mshahara wa mwaka unaotumika kukokotoa, kisha unagawa kwa 580. Jibu ni pensheni kamili ya mwaka. Shemeji yangu ana miezi 360, yaani miaka 30. Mshahara wake wa kukokotolea ni 1,160,000 kwa mwezi, sawa na 13,920,000 kwa mwaka. Ukigawa hiyo kwa 580 unapata 24,000 bila hata senti ya ziada. Maana yake ni kwamba kila mwezi mmoja alioutumikia umemjengea shilingi 24,000 za pensheni kwa mwaka. Zidisha kwa 360, unapata 8,640,000 kwa mwaka, au 720,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pensheni kamili kabla hajaigusa mtu.

Hatua ya pili ni kuikata. Asilimia 40 ya 720,000 ni 288,000. Hiyo inaondoka kwenye pensheni ya mwezi na hairudi. Zinabaki 432,000, nazo atalipwa kila mwezi mpaka siku yake ya mwisho.

Hatua ya tatu ni kuinunua ile sehemu iliyokatwa. Mfuko unamwambia: hizi 288,000 za kila mwezi tunazinunua kwako kwa bei ya miaka kumi na miwili na nusu. Zidisha 288,000 kwa miezi 150, unapata 43,200,000. Huo ndio mkupuo.

Kwa hiyo 12.5 ni bei. Ni idadi ya miaka ya pensheni unayolipwa kwa mara moja, kwa sharti kwamba sehemu hiyo hutaidai tena maisha yako yote. Nilipomwambia hivyo, shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe nauza."

Anauza, ndiyo. Na muuzaji yeyote wa nazi sokoni anajua kwamba bei ya nazi moja haibadiliki kwa sababu umeuza nazi kumi badala ya tano. Chukua asilimia 25 tu: atakatwa 180,000 na kulipwa 27,000,000. Chukua 33: atakatwa 237,600 na kulipwa 35,640,000. Gawanya mkupuo kwa kile kilichokatwa, katika kila mfano. Jibu ni 150, na 150, na 150 tena. Asilimia inasema umeuza kiasi gani. Haisemi kama umeuza vizuri.

Naomba tuishike hapo kidogo, kwa sababu kelele zote za kikokotoo zilipigwa juu ya asilimia. Wengi wenu mnakumbuka. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Kanuni mpya zikaja na mkupuo wa asilimia 25. Waliokuwa PSPF na LAPF walikuwa wamezoea asilimia 50. Malalamiko yakawa makubwa hadi tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo na kuagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024, wale ambao zamani walikuwa na asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, na wale waliokuwa na 25 wakapandishwa kutoka 33 hadi 35.

Hamsini, ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini. Namba hizo hata dereva wa daladala anazijua. Lakini kikokotoo cha zamani cha PSPF kilikuwa na namba nyingine mbili zilizobadilika kimyakimya. Badala ya kugawa kwa 580, kiligawa kwa 540. Na badala ya bei ya miaka 12.5, kilinunua kwa bei ya miaka 15.5.

Tumpitishe shemeji kwenye kikokotoo kile cha zamani. Pensheni kamili ingekuwa 9,280,000 kwa mwaka, siyo 8,640,000. Nusu yake, 4,640,000, ingezidishwa kwa 15.5 na kumpa mkupuo wa 71,920,000. Nusu iliyobaki ingemlipa kama 386,667 kila mwezi.

Sasa weka vyote viwili mbele yako. Kwa kanuni ya leo anapata pungufu ya 28,720,000 mkononi, na anapata zaidi 45,333 kila mwezi. Ziada hiyo ya mwezi itachukua muda gani kuufidia upungufu wa mkupuo? Gawanya. Ni miezi 633 na kidogo, yaani zaidi ya miaka 52. Akistaafu na 55, atakuwa na miaka 107.

Hata kikokotoo kile cha 2018 cha asilimia 25, ambacho kilitetewa kwa hoja kwamba kinampa mstaafu pensheni nono ya mwezi, kingemchukua miaka 24 na miezi mitano kulisawazisha pengo. Hoja ya pensheni nono ilikuwa kweli: 540,000 ni nyingi kuliko 386,667. Lakini watu walihisi wamepunjwa, na hisia hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake hata kama wengi hawakuweza kuiandika. Walilalamikia asilimia kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Kilichowaumiza zaidi kilikuwa ile bei na kile kigawanyo. Sisemi kanuni ya zamani ingeweza kubebwa na mifuko. Hilo ni la wataalamu wa tathmini ya mifuko, na mfuko ukifilisika hata asilimia mia haina maana. Ninasema tu kwamba ukitaka kujua umepoteza nini, usiangalie asilimia peke yake.

Turudi kwa anayetoka mapema, maana ndiye niliyemwahidi mhadhara huu.

Kuna umri ambao ukiufikia, pensheni uliyoiuza inakuwa imelingana na mkupuo uliopokea. Ukifa kabla ya hapo, ulifanya vizuri kuuza. Ukiishi kupita hapo, kila mwezi mfuko unabaki na hela ambayo ingekuwa yako. Niuite umri wa kusawazika. Kwa bei ya miezi 150, anayestaafu na miaka 60 anasawazika akiwa na 72 na nusu. Anayestaafu na 55 anasawazika akiwa na 67 na nusu.

Mnaona kinachotokea? Kanuni haiulizi umri. Inanunua kwa miezi 150 kwa mtu wa 55 na kwa miezi 150 kwa mtu wa 60. Lakini pensheni ya mtu wa 55 ni ndefu zaidi, kwa sababu ana miaka mingi zaidi ya kuipokea. Ni kama kuuza ng'ombe wawili kwa bei moja, mmoja mzee na mwingine ndiyo kwanza ameanza kuzaa. Anayetoka mapema ndiye anayeuza ng'ombe kijana. Jambo hili si la Tanzania tu. Mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa huko Uingereza nao hutoa pauni 12 kwa kila pauni 1 ya pensheni ya mwaka unayoiachia, nao wana mjadala wao kama bei hiyo inatosha.

Hapa kuna kosa ambalo nimelisikia hata kwa wasomi. Mtu anasema, "Mimi nitafika wapi bwana, Mtanzania wa kawaida anaishi miaka sitini na kitu." Namba hiyo ya sitini na kitu ni ya mtoto anayezaliwa leo. Ndani yake wamo wanaokufa wakiwa wachanga, wanaokufa wakijifungua, vijana wa bodaboda. Wewe umeshawapita wote hao. Aliyefika 55 akiwa hai hatakiwi kujipimia kwa mtoto mchanga; miaka yake inayotarajiwa mbele inaishia mbali zaidi ya hiyo sitini na kitu. Angalia wazazi wako, wajomba na shangazi waliofika 55, uone waliishia wapi. Si kipimo cha maabara, ila kinakaribia kuliko namba ya gazetini. Shemeji yangu mama yake ana miaka 83 na bado anapalilia mihogo. Kwa damu hiyo, 67 na nusu ni njiani tu.

Kuna jambo jingine linalouvuta umri huo nyuma: warithi. Tazama mfuko wako unawapa nini mstaafu akifariki. Kama makaratasi yako yanasema warithi watalipwa kwa mkupuo pensheni ya miezi 36, basi kila shilingi ya mwezi uliyoiuza ilikuwa na mkia wa miezi 36 nyuma yake. Umeuza na mkia. Kwa familia, basi, kusawazika si baada ya miezi 150 bali 114, ambayo ni miaka tisa na nusu. Kwa aliyetoka na 55 hiyo ni 64 na nusu. Mtu mwenye wategemezi wadogo anapaswa kuisoma hesabu hii mara mbili kabla ya kusaini.

Mpaka sasa nimehesabu kana kwamba milioni 43 zinakaa kwenye sanduku bila kuzaa. Hazikai hivyo, ama zinazaa ama zinayeyuka. Na hapa ile 12.5 ina siri nyingine. Gawanya moja kwa 12.5, unapata asilimia 8. Chukua mkupuo wa shemeji, 43,200,000, uweke mahali panapokulipa asilimia 8 safi kwa mwaka. Utapata 3,456,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12. Ni 288,000 kamili, hela ileile aliyokatwa, na milioni 43 zake bado zipo. Akifikia hapo, umri wa kusawazika haupo tena. Mkupuo umeshinda hata akiishi miaka mia.

Kwa hiyo swali la kweli la mkupuo ni hili: hela hii itanizalia asilimia 8 au zaidi kila mwaka, bila mimi kuigusa? Ikizaa 5, kusawazika kunasogea hadi kama miaka 20, yaani umri wa 75 kwa aliyetoka na 55. Ikizaa sifuri, ni ile miaka 12 na nusu. Ikiliwa, usihesabu.

Ipo njia ya kuifikia hiyo 8. Hatifungani za serikali za miaka 25 zilianza mwaka 2021 na riba ya asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Hata kwa hiyo ya chini, 43,200,000 zingelipa zaidi ya laki nne na nusu kwa mwezi ukigawanya, ingawa riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, siyo kila mwezi. Zingatia mawili. Miaka 25 ni mirefu kwa mtu wa 55. Akihitaji hela kabla ya hapo lazima auze hatifungani yake sokoni, na bei siku hiyo inaweza kuwa chini. Pili, mtaji ule wa milioni 43 baada ya miaka 25 hautanunua kile unachonunua leo. Pensheni ya mwezi nayo haipandi yenyewe kila bei ya mchele inapopanda, kwa hiyo tatizo hilo linawagusa wote wawili, mwenye mkupuo na mwenye pensheni.

Mkishindwa kukumbuka hesabu hizi zote, kumbukeni namba moja: 6,667. Kila milioni moja ya mkupuo unaipata kwa kuachia shilingi 6,667 kwa mwezi maisha yako yote. Ni milioni moja gawanya kwa 150, hakuna uchawi. Ukiwa na namba hiyo mfukoni unaweza kukipima chochote.

Shemeji alikuwa na mkopo wa Saccos uliobaki milioni 9, wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Riba hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila milioni. Milioni ya mkupuo inamgharimu 6,667. Nikamwambia hapo usifikirie mara mbili, lipa deni. Kisha akaniambia habari ya mwanawe anayetaka pikipiki ya milioni tatu na laki mbili. Nikamwambia pikipiki hiyo itakugharimu kama 21,300 kila mwezi mpaka unaingia kaburini, na pikipiki yenyewe itakuwa imekufa miaka minne baada ya kununuliwa. Alicheka, lakini naona aliiandika. Nyumba ni suala tofauti. Kama unapanga chumba kwa laki moja na kumalizia nyumba kutahitaji milioni kumi, umeuza 66,670 kwa mwezi ili kuacha kulipa 100,000. Hiyo ni biashara. Kama nyumba ni ya kuonyesha kijijini na hutakaa humo, ni ile pikipiki tu, isipokuwa ina bati.

Na sasa swali lenyewe la kutoka na 55 au kungoja 60. Nichukulie mshahara wa shemeji haupandi, ili hesabu isitanuke. Akingoja miaka mitano, miezi inakuwa 420. Pensheni kamili inakuwa 840,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 atapata mkupuo wa 50,400,000 na pensheni ya 504,000. Natumia kanuni ya msingi peke yake. Wewe muulize ofisa wa mfuko wako kama kuna punguzo lolote kwa anayetoka kabla ya 60.

Akitoka na 55, kufikia 60 atakuwa amepokea mkupuo wa 43,200,000 na pensheni ya miezi 60, ambayo ni 25,920,000. Jumla 69,120,000. Anayengoja, siku ya kutimiza 60, atapokea 50,400,000. Wa mapema anaongoza kwa 18,720,000, lakini anapata pungufu ya 72,000 kila mwezi. Atafikiwa baada ya miezi 260, akiwa na miaka 81 na miezi minane.

Ukiishia hapo utasema toka leo. Wengi huishia hapo, na ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona kwenye karatasi za watu. Wamesahau mshahara. Yule aliyengoja alikuwa analipwa 1,160,000 kila mwezi kwa miezi 60, ambayo ni 69,600,000 kabla ya makato. Toa ile 18,720,000 aliyotangulia wa mapema, zinabaki 50,880,000. Igawe kwa miezi 60: ni 848,000. Hicho ndicho anachopaswa kukitengeneza kila mwezi huko nje, kwa miaka mitano mfululizo, ili aingie umri wa 60 akiwa sawa na aliyengoja. Makato ya mshahara yanaipunguza namba hiyo, lakini haishuki mpaka ikawa ndogo. Na hata akiifikia, ile tofauti ya 72,000 ya pensheni inaendelea kumfuata.

Kwa hiyo nilimwuliza shemeji: ukitoka kesho, una duka la dawa, una shamba linalolipa, una zahanati iliyokuita? Akasema ana wazo la kuku. Nikamwambia kuku wa kukupa 848,000 kwa mwezi ni wengi, na wanakula kila siku.

Kabla ya yote hayo, hesabuni miezi. Hili ni la haraka ila linauma. Michango ya mwaka mmoja isiyoonekana kwenye taarifa yako, labda mwajiri alichelewa kuipeleka au namba yako ya uanachama ilikosewa ulipohamishwa, ni miezi 12. Kwa shemeji hiyo ingemkata mkupuo wa 1,440,000 na pensheni ya 14,400 kila mwezi. Taarifa ya michango huwa inachapishwa mwaka kwa mwaka. Kaa nayo na hati zako za mshahara, ukague kila mwaka, siyo jumla tu. Shemeji aligundua miezi saba ya mwaka aliohamishwa wilaya haipo. Ameandika barua, anasubiri, na mpaka miezi hiyo ionekane hajasaini fomu yoyote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na karatasi zao wasogee mezani, na kalamu mkononi. Tutaanza na mstari wa miezi.